Mwanza, Rakai na Masaka: Hitimisho la Utafiti na Uzito wa Ushahidi Wake

Mwezi Agosti 1995 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza. Katika muhtasari wao watafiti waliandika kwamba kuboreshwa kwa matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40 katika jamii hiyo ya vijijini. Ni sentensi fupi, na karibu kila neno lake lina ushahidi unaolibeba. Tatizo huanza sentensi kama hiyo inaposimuliwa upya katika ripoti ya mradi, mada ya semina au habari ya gazeti. Neno "takriban" huachwa, "jamii hiyo ya vijijini" nayo huachwa, jambo lililotokea mahali fulani kwa muda fulani hugeuzwa kanuni, na msomaji hupokea tangazo kwamba kutibu magonjwa ya zinaa hupunguza VVU kwa asilimia 40. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya jaribio jingine, la wilaya ya Rakai nchini Uganda, ambalo halikuona punguzo la VVU, na ikawa rahisi vilevile kusema kinyume chake kwa sauti ileile ya uhakika, yaani kwamba kutibu magonjwa ya zinaa hakuzuii VVU.

Kauli zote mbili zinavuka ushahidi wake. Lakini dawa yake si kumwaga maneno ya tahadhari kila mahali, kwa sababu hitimisho linalosita kuliko inavyostahili nalo hupotosha, na mara nyingi halishtukiwi kwa kuwa linafanana na unyenyekevu wa kisayansi. Majaribio haya mawili, pamoja na la tatu lililofanyika Masaka, yanatoa nafasi nzuri ya kuonesha jinsi hitimisho linavyorekebishwa, kwa sababu kila moja linataka kiwango tofauti cha uhakika, na hata ndani ya jaribio moja kila sehemu ya sentensi inataka kiwango chake.

Tuanze na kilichofanyika Mwanza. Ilikuwa inajulikana kwamba mtu mwenye kidonda au usaha katika sehemu za siri, kutokana na magonjwa kama kaswende, kisonono au pangusa, huambukizwa na kuambukiza VVU kwa urahisi zaidi. Basi watafiti, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London, wakauliza swali la vitendo: je, huduma ya magonjwa haya ikiboreshwa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, maambukizi ya VVU katika jamii nzima yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga katika jozi sita kwa kufanana, na katika kila jozi kura ikaamua ipi ipate huduma iliyoboreshwa mapema na ipi isubiri. Wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili. Mwanamume aliyefika akilalamika kutokwa na usaha alipewa siku hiyohiyo dawa zinazoshughulikia visababishi vikuu vya dalili hiyo, bila kungoja maabara ambayo mara nyingi haikuwepo. Dawa zilihakikishwa kuwepo, wahudumu walitembelewa na kusimamiwa, na wanavijiji walielimishwa wajitokeze mapema.

Katika kila jamii walichaguliwa watu wazima wapatao 1,000 na kupimwa, kisha wakatafutwa tena baada ya miaka miwili. Kati ya wale ambao mwanzoni hawakuwa na VVU na walioonekana tena, walioambukizwa walikuwa 48 kati ya 4,149 katika jamii zilizopata huduma bora, na 82 kati ya 4,400 katika jamii za kulinganisha. Kwa lugha nyepesi, ni watu kama 12 katika kila 1,000 upande mmoja na 19 katika kila 1,000 upande wa pili. Baada ya kuzingatia kwamba kura ilipigwa kwa jamii nzima na si kwa mtu mmojammoja, na baada ya kurekebisha tofauti nyingine za makundi, uwiano wa hatari ulikadiriwa kuwa 0.58, na mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikawa 0.42 hadi 0.79.

Mipaka hiyo ndiyo chombo kikuu cha kazi hii, kwa hiyo inafaa kuisoma polepole. Uwiano wa 1 maana yake ni kwamba makundi mawili yako sawa, na uwiano wa 0.58 ni punguzo la asilimia 42. Mipaka inatueleza kwamba, kwa idadi ya watu na jamii zilizokuwepo, data zinapatana na punguzo dogo la asilimia 21 na pia na punguzo kubwa la asilimia 58, na kila kilichomo kati ya hapo. Hazipatani vizuri na kutokuwepo kwa punguzo, kwa sababu 1 iko nje ya mipaka. Tayari hapa tunaona mambo mawili yenye uhakika tofauti. Kwamba kulikuwa na punguzo ni jambo lililosimama imara. Kwamba punguzo lilikuwa asilimia 42 hasa, na si 25 au 55, ni jambo ambalo data hazikuweza kulibana.

Kila hitimisho la aina hii, hata likiwa la mstari mmoja, hubeba madai kadhaa yaliyofumwa pamoja. La kwanza ni kwamba afua ndiyo iliyoleta tofauti. La pili ni ukubwa wa tofauti hiyo. La tatu ni watu na mahali ambapo dai linashika. Aghalabu hujipenyeza dai la nne, la njia ambayo afua ilifanyia kazi. Mwandishi anayetaka kusawazisha hitimisho huyatenganisha madai hayo, hulipima kila moja kwa ushahidi wake, kisha huweka neno la tahadhari mahali penye shaka na kupaacha wazi mahali pasipo na shaka. Neno "huenda" likiwekwa mwanzoni mwa sentensi nzima halimsaidii msomaji, kwa kuwa halimwambii ni kipi kati ya hayo manne kinachotiliwa shaka.

Kwa Mwanza, dai la kwanza lina nguvu kubwa. Kura iligawa jamii, na katika jozi zote sita maambukizi mapya yalikuwa machache zaidi upande uliopata huduma. Ikiwa huduma haikuwa na athari yoyote, uwezekano wa jozi zote sita kuangukia upande huohuo uliotarajiwa ni mmoja kati ya 64. Watu walipoulizwa kuhusu mwenendo wao wa ngono hakukuonekana badiliko katika kundi lolote, kwa hiyo maelezo kwamba watu waliacha tu mienendo ya hatari hayapati msaada kutoka humu. Yapo ya kuangaliwa pia: walioonekana tena ni asilimia 71 ya waliosajiliwa, na VVU mwanzoni ilikuwa chini kidogo katika jamii za afua, asilimia 3.8 dhidi ya 4.4. Hayo yanastahili kutajwa, lakini hayatoshi kulifanya dai zima lining'inie. Kwa maoni yangu kitenzi kikavu "ulipunguza" kinahalalishwa hapa, na watafiti walikuwa na haki kukitumia.

Dai la ukubwa linahitaji "takriban" pamoja na mipaka. Namba 42 peke yake ina sura ya usahihi ambao haupo, na kuzungusha hadi "takriban asilimia 40", kama walivyofanya wenyewe, ni uaminifu wa kihesabu. Kuna pia suala la namba ipi ielezwe kwanza. Asilimia 42 ni punguzo la kulinganisha. Punguzo halisi ni watu kama saba katika kila 1,000 kwa miaka miwili. Zote mbili ni kweli, lakini anayeisikia ya kwanza bila ya pili huenda akadhani kwamba karibu nusu ya watu wa kijiji waliokolewa. Kutoa moja na kuificha nyingine ni kuvuka ushahidi hata kama hakuna neno hata moja la uongo.

Dai la mahali ndilo huvukwa mara nyingi zaidi, na Kiswahili kina mtego wake hapa. Tukisema "matibabu yalipunguza maambukizi", kiambishi cha wakati uliopita kinafunga tendo kwenye jambo lililoonekana. Tukisema "matibabu hupunguza maambukizi", kiambishi hu- kinalifanya liwe desturi ya ulimwengu, kama tunavyosema maji hutiririka kwenda bondeni. Silabi moja inatutoa vijijini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutupeleka popote, wakati wowote, kwa tiba ya namna yoyote. Jaribio moja, hata lililofanywa kwa ustadi mkubwa, haliwezi kubeba uzito huo. Mhariri mwenye muda wa kurekebisha jambo moja tu katika muhtasari na aangalie viambishi vya vitenzi vya hitimisho.

Dai la njia lilikuwa dhaifu zaidi. Ilitarajiwa kwamba VVU ilipungua kwa sababu magonjwa ya zinaa yalipungua. Kaswende ilipungua kweli, na wanaume wenye dalili za kutokwa na usaha walikuwa takriban nusu ya wale wa upande wa pili, lakini kwa maambukizi mengine kadhaa tofauti haikuonekana wazi. Inawezekana kabisa kwamba kufupisha muda ambao mtu anakaa na dalili kulitosha, kwani mgonjwa anayetibiwa ndani ya siku chache anapunguza siku zake za hatari hata kama hesabu ya wagonjwa kwa siku moja haibadiliki sana. Maelezo hayo yana mantiki, lakini jaribio halikuyapima moja kwa moja, na hapo ndipo "huenda" ina makao yake halali.

Sasa tuone sentensi mbili mbovu na namna ya kuzinyoosha. Ya kwanza ni hii: "Kutibu magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 42 kwa kupunguza magonjwa hayo katika jamii." Kasoro ziko katika hupunguza, katika 42 isiyo na mipaka, na katika njia iliyotangazwa kana kwamba imethibitishwa. Ya pili ni ile ya mwandishi mwoga: "Matokeo haya yanaashiria kwamba huenda kukawa na uwezekano wa matibabu ya magonjwa ya zinaa kuwa na mchango fulani katika kupunguza maambukizi ya VVU, ingawa tafiti zaidi zinahitajika." Hapa tahadhari nne zimerundikwa juu ya dai ambalo lilikuwa na nguvu kuliko yote, huku mahali penye shaka hasa, yaani ukubwa, upeo na njia, hapakuguswa. Msomaji wa sentensi hiyo angedhani ni tetesi, wakati ni jaribio la kwanza la kura kuonesha afua ya kinga ikipunguza VVU katika jamii ya kawaida. Afisa wa afya anayegawa fedha za dawa kwa kutegemea sentensi kama hiyo ana kila sababu ya kuziacha zahanati bila dawa.

Iliyonyooka ingesomeka hivi: "Katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, ambako takriban asilimia 4 ya watu wazima walikuwa na VVU, kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40 katika miaka miwili (mipaka ya asilimia 95: 21 hadi 58), sawa na watu kama saba katika kila 1,000. Huenda punguzo lilitokana na kufupishwa kwa muda wa ugonjwa. Jaribio halikupima njia hiyo." Kitenzi kimebaki kikavu, ukubwa umepewa mipaka yake, mahali pametajwa na hali yake ya ugonjwa, na shaka imewekwa kwenye njia peke yake. Imekuwa ndefu kuliko zile mbili, na urefu huo una faida.

Rakai inatupa kazi ya upande wa pili, ya kuandika hitimisho la jaribio ambalo halikuona athari. Huko timu ilikwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na kuwapa watu wazima wote, wenye dalili na wasio na dalili, dawa za azithromaisini, siprofloksasini na metronidazo, huku jamii za kulinganisha zikipewa dawa ya minyoo, vidonge vya madini ya chuma na vitamini. Hoja yao ilikuwa ya busara: wagonjwa wengi wa zinaa hawana dalili, kwa hiyo anayengoja mgonjwa aje zahanati huwakosa. Baadhi ya magonjwa yalipungua, kaswende na trikomona yakiwemo. VVU haikupungua. Maambukizi mapya yalikuwa takriban 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka pande zote mbili, na uwiano ulikuwa 0.97, mipaka yake 0.81 hadi 1.16.

Watu wengi husoma matokeo kama haya kwa swali moja: je, 1 imo ndani ya mipaka? Ikiwemo, wanaandika "hakuna athari" na kufunga daftari. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la kinachobaki nje. Mipaka ya Rakai inaruhusu punguzo la hadi asilimia 19 na ongezeko la hadi asilimia 16. Punguzo la asilimia 40 liko mbali nje. Kwa hiyo kuna jambo ambalo Rakai inaweza kulisema kwa sauti kamili, bila "huenda": dawa za jumla kila baada ya miezi 10, katika jamii ile, hazikuleta punguzo la ukubwa ulioonekana Mwanza. Na kuna jambo ambalo haiwezi kulisema, kwamba hazikuleta punguzo lolote, kwa kuwa punguzo la asilimia 10 au 15 bado limo ndani ya mipaka, na katika wilaya yenye maambukizi mengi punguzo kama hilo ni watu wengi.

Mwandishi anayeandika "kutibu magonjwa ya zinaa hakuzuii VVU" amevuka ushahidi mara mbili, mara moja kwa kudai sifuri kamili na mara ya pili kwa kuhama kutoka aina moja ya tiba kwenda tiba zote. Anayeandika "jaribio halikuweza kubaini kama kuna athari" naye amepunja, kwa kuwa jaribio lilibaini jambo kubwa, na kumnyima msomaji jambo hilo ni kuitupa kazi ya miaka. Sentensi inayolingana na data ni hii: "Katika jamii za Rakai, ambako takriban asilimia 16 ya watu wazima walikuwa na VVU, dawa za jumla za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10 hazikupunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango kinachozidi takriban asilimia 20, punguzo dogo kuliko hilo halikuweza kuthibitishwa wala kukataliwa."

Kuna jambo moja zaidi linaloonekana tukiweka mipaka ya majaribio mawili kando kwa kando. Punguzo dogo kabisa linalopatana na Mwanza ni asilimia 21, na kubwa kabisa linalopatana na Rakai ni asilimia 19. Mipaka hiyo haigusani. Hivyo maelezo mepesi, kwamba athari ni moja na tofauti ni ya bahati tu, hayakai vizuri, na inakuwa halali kuandika kwamba majaribio mawili yaelekea yalipima vitu viwili tofauti. Lakini vitu gani? Tiba ilitofautiana, kwa kuwa Mwanza huduma ilikuwepo kila siku kwa mwenye dalili na Rakai dawa zilikuja kwa vipindi kwa kila mtu. Mahali napo palitofautiana, kwa kuwa Mwanza janga lilikuwa bado changa na Rakai lilikuwa limekomaa. Katika janga changa maambukizi mengi hupitia kwa watu wenye wapenzi wengi na magonjwa ya zinaa mengi, ilhali katika janga lililokomaa VVU imeshaingia ndani ya ndoa na uhusiano wa kawaida, ambako magonjwa hayo yana nafasi ndogo. Pia vidonda vingi huweza kuwa vya malengelenge ya sehemu za siri, ambayo ni ya virusi na hayasikii dawa hizo. Kwa vile tiba na mahali vilibadilika kwa pamoja, majaribio haya mawili hayawezi kutuambia kipi kilihusika.

Hapo ndipo Masaka inapokuwa na thamani ya pekee, na ndipo pia ilipotatanisha zaidi. Jaribio la Masaka, lililochapishwa mwaka 2003, lilifanyika Uganda katika jamii 18 zilizogawanywa makundi matatu: elimu ya mwenendo peke yake, elimu pamoja na matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na huduma za kawaida. Yaani tiba ilikuwa ya mtindo wa Mwanza, mahali palikuwa pa hali inayokaribia ya Rakai. Kama punguzo lingeonekana, tungesema tiba ndiyo muhimu. Kama lisingeonekana, tungeelekeza kidole kwenye hatua ya janga. Matokeo ya kundi lililopata elimu na matibabu yalikuwa uwiano wa 1.00, na mipaka yake 0.63 hadi 1.58.

Kwa kuangalia 1.00 peke yake, mtu anaweza kuona jibu limepatikana, hakuna athari na imekamilika. Lakini uwiano wa 1.00 ndani ya mipaka hiyo mipana hauna nguvu ya 0.97 ya Rakai, ingawa namba zenyewe karibu zinafanana. Masaka inapatana na punguzo la asilimia 37, ambalo halitofautiani sana na la Mwanza, na pia na ongezeko la asilimia 58. Maambukizi mapya yalikuwa machache wakati ule, na matukio machache hutoa mipaka mipana hata kama jamii zimefuatiliwa kwa miaka. Hivyo sentensi ambayo Rakai iliistahili, Masaka haiistahili. Hapa neno sahihi ni kwamba jaribio halikuonesha punguzo na halikuweza kuondoa uwezekano wa punguzo la hadi theluthi moja na zaidi kidogo. Kuandika "Masaka ilithibitisha matokeo ya Rakai" ni kosa lililo rahisi sana kutendeka, kwa sababu namba ya katikati inalialika, na ndiyo sababu namba ya katikati isiachwe itembee bila mipaka yake. Tena matibabu hayo hayakukosa matunda: kaswende hai na kisonono vilipungua katika kundi hilo, na hitimisho linalosema "afua ilishindwa" bila kutaja ilishindwa katika kipimo kipi linafuta matokeo hayo.

Wapo waliojaribu kuweka maneno haya katika ngazi zinazoeleweka kwa wote. Mfumo wa GRADE, unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani na mtandao wa Cochrane, hupanga uhakika wa ushahidi katika ngazi nne. Ushahidi wa majaribio ya kura huanza ngazi ya juu, kisha hushushwa ukiwa na dosari za utekelezaji, ukipingana wenyewe kwa wenyewe, ukitoka kwa watu au tiba tofauti na swali lililoulizwa, ukiwa na mipaka mipana, au ukionekana kuchapishwa kwa upendeleo. Kila ngazi ina kitenzi chake. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ya juu kabisa ni "inapunguza" bila nyongeza, ya wastani "yaelekea inapunguza", ya chini "huenda inapunguza", na ya chini kabisa ni kukiri kwamba hatuna uhakika kama inapunguza. Ukubwa hupewa neno lake tofauti: athari ndogo yenye uhakika mkubwa huandikwa "inapunguza kidogo", na si "huenda inapunguza". Kuchanganya udogo wa athari na udogo wa uhakika ni kosa ninaloliona zaidi ya yote katika mihtasari ya Kiswahili, na huharibu pande zote mbili kwa pamoja.

Tukirudi kwenye majaribio yetu matatu na kuuliza swali la jumla, je, kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa hupunguza VVU, ushahidi hauruhusu sentensi moja yenye kitenzi kimoja. Unaruhusu sentensi yenye masharti. Baadaye wachambuzi walizirudia data za maeneo yote matatu na kutengeneza modeli za kompyuta za jamii hizo, na walihitimisha kwamba tofauti za mwenendo wa ngono na hatua ya janga zingeweza kueleza sehemu kubwa ya tofauti za matokeo. "Zingeweza kueleza" ndicho kitenzi kinachofaa, kwa kuwa modeli huonesha kwamba maelezo fulani yanatosha na haioneshi kwamba ndiyo yaliyotokea. Basi muhtasari unaolingana na yote hayo ungekuwa hivi: "Kuboresha matibabu ya kufuata dalili kulipunguza maambukizi mapya ya VVU katika janga changa (jaribio moja). Katika janga lililokomaa, dawa za jumla za vipindi hazikuleta punguzo la kiwango hicho (jaribio moja), na athari ya matibabu ya kufuata dalili haijulikani kwa uhakika (jaribio moja, mipaka mipana). Yaelekea hatua ya janga ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya tofauti hii, lakini mchango wa aina ya tiba haujatenganishwa."

Neno "yaelekea" katika sentensi ya mwisho limewekwa kwa kukusudia, na mwandishi mwangalifu anapaswa kuweza kueleza nini kingeliondoa. Lingeondoka kama tungekuwa na jaribio la matibabu ya kufuata dalili katika janga lililokomaa lenye maambukizi ya kutosha kubana mipaka iliyobaki wazi Masaka, au jaribio la dawa za jumla katika janga changa. Kwa jaribio la kwanza, uwiano karibu na 1 wenye mipaka kama ya Rakai ungetuelekeza kwenye hatua ya janga kwa nguvu zaidi. Uwiano karibu na 0.6 ungetulazimisha kuifuta sentensi ile na kuandika kwamba aina ya tiba ndiyo iliyotofautisha Mwanza na Rakai.